Tiki mbili za buluu

Mdogo wangu,

Juzi ulinipigia karibu saa saba usiku, ukaniuliza swali moja tu: mama yako amesoma ujumbe uliomwandikia kwamba unapenda watu wa jinsia yako, na siku kumi na tisa hajajibu, ana maana gani? Nilikujibu ovyo kwa sababu ya usingizi, nikasema atazoea. Samahani. Hilo halikuwa jibu. Nimekaa nikakumbuka wiki zangu mwenyewe, na nakuandikia hapa wazi kwa sababu najua kuna wengine wanaozikodolea macho tiki zilezile.

Mimi nilimwambia mama yangu Jumapili ya Pasaka, tarehe 9 Aprili 2023, nyumbani Voi, tukiwa jikoni tunachambua mchele. Ukitaka kujua nilichagua wakati gani, nilichagua wakati mbaya kuliko wote. Mwezi Februari, tarehe 24, Mahakama ya Juu ilikuwa imeamua kwamba watu kama sisi wana haki ya kusajili chama chao, majaji watatu kwa wawili, na tangu siku hiyo redioni na kanisani hakukuwa na habari nyingine. Mama alikuwa ameshasikia mahubiri mawili kutuhusu kabla hajanisikia mimi.

Halafu kuna shida ya neno. Wewe ulisema uliliandika kwa Kiingereza ili lisiume. Mimi nilitafuta la Kiswahili nikakwama. Mama anamwita jirani yake "shoga yangu" kila asubuhi wakipeana chumvi juu ya ua, na ni neno hilohilo ambalo vijana wa stendi wanalitumia kumtukana mwanamume. Msenge ni tusi lisilo na upande wa pili. Kuchu, tunavyojiita wenyewe, hulijua isipokuwa umeshaingia kwenye duara letu. Mwishowe nikasema, "Mama, mimi ni wanaume ninaowapenda, si wanawake. Tangu utotoni." Akaendelea kuchambua. Akatoa jiwe, akaliweka pembeni ya ungo. Kisha akaniuliza kama ni mtu amenifanyia jambo. Nikasema hapana. Akainuka, akaosha mchele ambao haujamalizika kuchambuliwa, na chakula cha mchana siku ile kilikuwa na mawe.

Nilirudi Nairobi na basi la usiku. Kosa langu la kwanza lilianzia humo ndani ya basi: nilimwandikia ujumbe mrefu, nikaongeza sauti tatu za kurekodi, na makala mbili za kusoma. Nilidhani kimya chake ni shimo ambalo likijazwa maneno ya kutosha litazibika. Alisoma zote. Kaka yangu naye akazisoma kwenye simu ya mama, akapiga picha ya skrini, na kufikia Alhamisi mjomba alikuwa nazo. Kwa hiyo jambo hili lichukue kutoka kwangu: usilieleze tena kwa maandishi. Ulichokisema kwa mdomo kilibaki jikoni, lakini ulichokiandika kinaweza kufika kwa mtu yeyote mwenye bando. Na kwenye simu yako mwenyewe, futa mazungumzo na picha ambazo usingependa kaka mwenye hasira au askari azione. Kumwambia mama yako ulivyo si kosa la jinai Kenya; sheria inaadhibu tendo la ngono. Lakini kifungu cha 162 kinacholiadhibu bado kipo, kifungo cha miaka 14, na Mahakama Kuu ilikataa kukiondoa Mei 2019. Watu hawafungwi kila siku kwa kifungu hicho. Kazi kubwa inayofanya ni kutishia watu, na mwenye kukutishia anaweza kuwa ndugu yako.

Sasa kuhusu kimya chenyewe. Kwa wiki tatu nilikisoma kama hukumu, hadi dada yangu mkubwa, ambaye nilikuwa nimemwambia mwaka mmoja kabla, aliponipigia akasema kitu kilichonifungua macho. Alisema mama haendi kwenye chama. Amekosa zamu mbili. Haonekani uani asubuhi kupeana chumvi. Ndipo nikaelewa: nilikuwa nimemkabidhi siri. Ile ambayo mimi niliibeba miaka kumi na mitano nikiwa na marafiki kadhaa wa kunisaidia, yeye alipewa siku moja, bila mtu hata mmoja wa kumwambia, kwenye mji ambao kila mtu anajua umepika nini. Alikuwa anafanya vilevile nilivyokuwa nikifanya mimi nikiwa kidato cha pili: anakwepa watu wasije wakamsoma usoni.

Basi nilimtumia ujumbe mmoja mfupi: "Mama, dada anajua. Unaweza kuongea naye ukitaka, mimi sitakasirika." Hakujibu. Ila dada aliniambia kwamba usiku uleule mama alimpigia, wakaongea saa nzima, na sehemu kubwa ilikuwa kilio. Ukiwa na mtu mmoja katika familia anayekuelewa, usimtume akakutetee. Mpe mama ruhusa ya kumlilia. Ukimfanya wakili wako, mama atamhesabu upande wa pili, na mtampoteza nyote wawili.

Kaka alikuwa tofauti. Yeye hakunyamaza. Alinipigia siku tano mfululizo, kila mara matusi mapya, na siku ya sita akasema la moyoni: walikuwa katikati ya mazungumzo ya mahari na watu wa mchumba wake, na kama wangesikia, nani angemlipia aibu? Sikumsamehe siku hiyo, na sikuambii umsamehe wa kwako. Nakwambia tu kwamba baada ya hapo nilijua ninachojibu. Nikamwambia, "Sitamwambia mtu wa kwao chochote. Na ukinitukana tena nakata simu, nakupigia wiki ijayo." Alitukana. Nikakata. Wiki iliyofuata nikapiga, tukaongea dakika mbili kuhusu gari lake. Hasira yenye jambo ndani yake inaweza kusubiriwa hivyo. Ile inayosema "nitakuja hapo kwako na vijana" haisubiriwi. Hiyo ukiisikia unahama siku hiyohiyo, unakwenda kwa mtu ambaye familia haimjui, na usiwaambie ni mtaa gani.

Ndiyo maana nilikuuliza kitambulisho chako kiko wapi, ukadhani nabadilisha mada. Kiko kwenye droo ya baba yako, pamoja na cheti cha kuzaliwa na cha kidato cha nne. Muombe dada yako avitoe akija mjini, kwa kisingizio cha kazi. Na kwa kuwa baba yako ndiye anayelipa karo na umebakiza muhula mmoja, usimwambie yeye sasa. Mama yako kujua kunatosha. Hakuna deni la kuwaambia wote mwezi mmoja.

Wiki ya nne mjomba alipiga. Sauti ilikuwa tamu. "Mwanangu, kuja Jumamosi tuketi kama familia." Nilifurahi hadi nikaanza kutafuta tiketi. Kisha nikauliza, "Tutakuwa nani na nani?" Akasema watu wa nyumbani tu. Jioni dada akaniandikia kwamba mhubiri ameitwa, na wanaume wawili wa kanisani kwake, na kwamba kuna chumba kimeandaliwa cha kufunga na kuomba siku tatu. Sikwenda. Nilimwambia mjomba kwa heshima zote kwamba nitakuja siku tutakapokuwa yeye, baba, mama na mimi, mchana, na jioni nitarudi. Alisema nimemvunjia heshima. Huenda ni kweli.

Wewe mwaliko huo utaupata, kwa maana hakuna familia ninayoijua ambayo haikujaribu. Uliza nani atakuwepo, halafu thibitisha kwa mtu mwingine. Nenda na nauli ya kurudi mfukoni mwako, si ya kuahidiwa. Mwachie rafiki saa ambayo usipopiga atakutafuta. Na mama akikuuliza, kama wangu alivyokuja kuuliza baadaye, kama hakuna hospitali, usimcheke. Ni swali la mzazi. Mjibu mara moja tu: Shirika la Afya Duniani liliondoa jambo hili kwenye orodha ya magonjwa tarehe 17 Mei 1990, kwa hiyo hakuna daktari mkweli anayelitibu, na wanaodai kulitibu wanaumiza watu. Kisha muulize habari za mbuzi.

Kuna kitu ulikisema usiku ule ukakipitia haraka, kuhusu daraja la juu ya reli. Nilikisikia. Mwaka 2009 kulichapishwa utafiti Marekani wa vijana 224, na waliokataliwa vikali na familia walikuwa na uwezekano zaidi ya mara nane wa kuwa wamejaribu kujiua, wakilinganishwa na wale ambao familia hazikuwakataa au ziliwakataa kidogo tu. Kule si hapa, na idadi ile si kubwa, lakini mimi siku hizo nililala kwa rafiki mtaa wa Umoja wiki mbili nzima kwenye godoro la sebuleni, kwa sababu usiku peke yangu sikujiamini. Sikuhitaji mazungumzo. Nilihitaji mtu anayekoroma chumba cha pili. Godoro la kwangu unalijua. Usiku ule ukirudi, usipige simu, panda boda uje, nitalipa ukifika.

Nilichofanya baada ya hapo na mama ni kitu kidogo mno hadi naona aibu kukiandika. Kila Jumapili saa nane, wakati najua ametoka kanisani na amekula, nilimtumia mistari miwili. "Shikamoo mama. Huku baridi imeanza, nimenunua lile blanketi zito." Wiki nyingine, "Shikamoo mama. Zamu yangu imebadilishwa, sasa naingia asubuhi." Bila swali, kwa kuwa swali ambalo halijajibiwa linawaumiza wote wawili. Tiki mbili za buluu, basi. Nilituma nane hivyo.

Siku mbili kabla ya mwisho wa Juni, wiki ya kumi na mbili, simu ikaita. Baba. Yeye hakuwahi kusema neno tangu Pasaka, si zuri si baya. Mama ndiye aliyemwambia, sijui kwa maneno gani. Alisema amesahau paswadi ya iTax na KRA watamtoza faini asipojaza ritani ya kodi kufikia tarehe 30. Kila mwaka mimi ndiye ninayemjazia. Tulikaa dakika ishirini na mbili kwenye simu, yeye akinisomea herufi moja moja, mimi nikimwambia hapana baba, hiyo ni sifuri. Tulipomaliza hakukata. Nikasikia mtu akinong'ona nyuma yake.

"Mama yako anauliza," akasema, "kama maziwa bado yanakuumiza tumbo."

Nikasema bado kidogo.

"Anasema bado kidogo," akamwambia mama, na simu ikakatika.