"Mheshimiwa" mkekani

Mhariri,

Juzi msibani hapa Wete, kijana alimwita babu yake, mwakilishi mstaafu, "Mheshimiwa". Mzee aliinamisha kichwa, hakuitika. Kule Chukwani, ndani ya Baraza la Wawakilishi, neno hilo lilikuwa mahali pake. Mkekani, kinywani mwa mjukuu, linamfanya mgeni katika ukoo wake. "Shikamoo babu" ingetosha kabisa.

"Bwana" nalo hutegemea linapokaa. Likitangulia jina, kama "Bwana Hamadi", ni heshima, hata kwa usiyemzoea. Likifuata kitenzi, "njoo bwana", "ngoja bwana", ni la marika. Naumia nikisikia vijana wetu wakimwambia hivyo mzee dukani, wakidhani wameongeza adabu, kumbe wamemshusha.

Msomaji wako,
Wete, Pemba