Zuhura, nisomee barua hii kabla sijaituma

Shoga yangu Zuhura,

Assalam alaykum. Za siku nyingi? Mama na mguu wake vipi? Huku mvua tu, hata kanga haikauki.

Nina shida na wewe. Ripoti ya maendeleo ya ule mradi wa mwani inatakiwa tarehe 30 Aprili, na haitawahi. Fedha ziko sawa, stakabadhi zote zimo kwenye faili. Kinachokwama ni kilo. Huku kwetu wanaandika mwani mkavu, kama mnunuzi anavyoupima. Kina Mwanaisha wanaandika mbichi, unavyotoka majini, maana fomu imesema "kilo zilizovunwa" basi, na kwao kuvuna ni pale pale ufukweni. Ukijumlisha unapata mzigo wa kuzamisha dau! Kilo 7 hadi 10 za mbichi ndizo hutoa kilo 1 kavu, kwa hiyo siwezi kugawa kwa nambari niipendayo nikafunga daftari.

Katibu (unamjua) anasema tuandike "kutokana na mvua kubwa" na tuombe wiki moja, tusionekane wazembe. Mvua ipo kweli, lakini siyo iliyotuchelewesha, na wakija kukagua madaftari tutasema nini? Halafu wiki moja ya nini? Lazima tungoje bamvua, maji yatoke, wavune, tupime mbichi, tuanike, tupime tena mkavu ule ule, ndipo tujue yale ya kina Mwanaisha ni kavu kiasi gani. Masika haya kuanika kunaweza kula wiki nzima, na mvua ikiuharibu tunangoja bamvua nyingine. Nimeomba mpaka 30 Mei, bamvua mbili zinaingia humo. Kuomba mara moja muda mrefu si bora kuliko kurudi kuomba tena?

Nimeandika hivi:

"Tunaomba kuwasilisha ripoti tarehe 30 Mei badala ya 30 Aprili. Vikundi viwili vimerekodi mavuno kwa vipimo tofauti, kimoja mwani mkavu na kingine mbichi. Tutapima mavuno yajayo kabla na baada ya kukausha, tupate uwiano wa kubadilishia takwimu za nyuma, na tutaonyesha wazi kuwa hizo ni makadirio. Ripoti ya fedha tunaiambatisha sasa. Hatuombi kuongezewa muda wa mradi wala fedha."

Sentensi ya mwisho nimeitia makusudi, wasije wakadhani mradi wenyewe umelala. Ila awamu ya pili ya fedha haitoki mpaka ripoti ikubaliwe, na kina mama wanasubiri kamba mpya. Hilo ndilo linaninyima usingizi, si ripoti.

Wewe uliyekaa upande wa wanaotoa fedha, niambie: neno "makadirio" litawatisha? Nimpigie simu kwanza yule dada msimamizi, au barua itangulie? Naweza kuomba sehemu ya awamu ya pili kwa ripoti ya fedha peke yake, au nitaonekana nina tamaa? Na katibu nimwambieje?

Nijibu kabla ya Alhamisi, nataka itoke wiki hii.

Wako,
Saada