Ukisikia harufu ya ndizi mbivu, funga mzinga: ukaguzi wa kwanza, hatua kwa hatua

Video hii inafuata ukaguzi mmoja wa mzinga wa pau, ule sanduku la mbao lenye pau 27 juu ambalo wateja wetu wengi wa Arua na Lira wanalo nyumbani. Nyuki hujenga sega moja chini ya kila pau.

Tuanze na mavazi, na tuanzie miguuni. Nyuki akitua kwenye nguo hupanda kwenda juu. Kwa hiyo suruali ya ovaroli inashuka nje ya gambuti na kufungwa kwa mpira. Ukiichomeka ndani, nyuki anatumbukia kwenye buti na kukuuma kifundoni, mahali usipoweza kumfikia. Glavu nazo zipande juu ya mikono ya ovaroli hadi karibu na kiwiko. Ndani vaa shati na suruali nyingine, kwa sababu mwiba hupenya kitambaa kilichobana ngozi, hasa mabegani na magotini unapoinama. Wavu usiguse pua wala masikio. Chagua nyeupe au kaki. Sweta jeusi la sufu huwachokoza, na manukato pia. Mwisho, mwambie mwenzako akuzunguke akitafuta upenyo, hasa shingoni zipu mbili zinapokutana. Hapo ndipo wengi huumwa usoni wakiwa wamevaa kila kitu.

Saa kumi na moja jioni ni wakati mzuri: bado kuna mwanga, na giza litawarudisha nyuki waliochokozeka. Mbuzi na ng'ombe wawe wameshahamishwa, na majirani wajue.

Washa bomba la moshi kwa magunzi makavu, kisha weka majani mabichi juu ili kupoza moshi. Jaribu kwenye ngozi yako: ukikuchoma, utawachoma nyuki, na badala ya kutulia watakasirika. Simama ubavuni mwa mzinga, usizibe njia ya mlangoni. Pulizia mlangoni mara tatu au nne taratibu, subiri dakika mbili. Moshi hufunika harufu wanayotumia kuitana vitani, na huwafanya wakimbilie kunywa asali.

Sasa gonga pau kwa patasi, ukianzia upande ulio mbali na mlango. Kwenye mzinga wa video, pau 27 hadi 22 zinatoa mlio mtupu: hakuna sega. Pau ya 21 inatoa mlio mzito. Ondoa ya 22 kwanza ili upate nafasi, pulizia kidogo, kisha achanisha ya 21 na ukate nta iliyoshika ukutani kabla ya kuinua. Inyanyue wima, na ibaki wima. Sega la pau halina fremu. Ukililaza kama sahani ili uone vizuri, hukatika na asali kumwagika juu ya nyuki. Hapo ukaguzi umekwisha.

Pau 21 hadi 18 ni asali, na karibu yote imefunikwa kwa nta nyeupe. Kwenye ya 17 kamera inasogea: vijumba vimefunikwa kwa kahawia, hayo ni majana, yaani watoto wa nyuki. Pembeni kuna mayai, mfano wa punje ndogo ya mchele iliyosimama chini ya kijumba. Yai husimama siku ya kwanza na kulala kufikia ya tatu, hivyo ukiona lililosimama unajua malkia alikuwepo jana au leo. Huna haja ya kumtafuta. Rudisha pau hiyo taratibu na usiendelee mbele; nyuki wetu wakisumbuliwa sana kwenye majana huhama kabisa.

Tazama sasa tumbo la nyuki mlangoni. Aliyeinua tumbo huku akipeperusha mabawa, mwiba ukiwa ndani, anawaita wenzake warudi nyumbani. Mwingine ameinua tumbo huku mwiba umechomoza. Huyu anatoa harufu ya hatari, na kwa pua zetu inanukia ndizi mbivu. Wengine huanza kugonga wavu wako. Nyuki wakianza kukimbia juu ya pau kwa makundi, pulizia moshi, rudisha pau zote kwa mpangilio ule ule, funika. Usiharakishe kiasi cha kuwabana, kwa maana kila nyuki anayepondwa anaongeza harufu hiyo.

Ukiumwa, kwangua mwiba mara moja kwa ukucha, maana kifuko cha sumu huendelea kusukuma, kisha pulizia moshi pale palipoumwa ili wengine wasilenge hapo hapo. Usivue wavu mpaka nyuki wameacha kukufuata, hata kama ni mita 100. Uvimbe wa mkono ni kawaida. Midomo au koo kuvimba, kupumua kwa shida au kizunguzungu si kawaida: panda bodaboda na mtu wa kukushika, nenda hospitali papo hapo.