Mvua jana, jua leo: tunavyoshuti nje wakati wa masika

Kila Aprili wateja hutuuliza swali lilelile: mvua ikinyesha tunaahirisha? Mara nyingi hatuahirishi. Manyunyu hayaonekani sana kwenye picha kama watu wanavyodhani. Matone hung'aa pale mwanga unapotokea nyuma yake kuelekea kamera. Ukitokea upande wa kamera, karibu yote yanapotea. Kinachoonekana ni ardhi iliyolowa, nywele na anga. Kinachotutesa zaidi ni kelele ya mvua juu ya bati.

Chukua kazi moja tuliyoifanya Marangu: tangazo fupi la familia ya wakulima wa kahawa, baba na binti wakizungumza kwenye kibaraza, siku mbili. Siku ya kwanza mvua ilianza saa tatu asubuhi. Siku ya pili jua liliwaka tangu mapema. Mtazamaji alitakiwa aamini ni mazungumzo ya saa moja.

Kabla hatujafungua mabegi tulikubaliana na mteja kwamba hadithi inatokea mvua imekatika muda si mrefu. Tuliamua hivyo kwa sababu uwanja mkavu unaweza kuulowesha, lakini uliolowa huwezi kuukausha. Mvua ilipopungua tukachukua kwanza picha zote pana, zenye uwanja, migomba na ukungu wa mlimani, kwa kuwa hizo hatungeweza kuzitengeneza kesho yake. Sura za karibu zikasubiri.

Siku ya pili tukamwaga maji uwanjani kwa mpira, tukayarudia kila yalipokauka. Juu ya wahusika tukatandaza shuka kubwa jeupe ili jua liwe laini kama mwanga wa mawingu. Rangi ya mwanga kwenye kamera tuliifunga 5600K, kipimo cha mwanga wa mchana, siku zote mbili, maana kamera ikiachiwa ijipangie yenyewe, ngozi ya mtu hubadilika rangi katikati ya sentensi. Mabega ya shati la baba tuliyanyunyizia maji kwa chupa, tukifuata picha tuliyompiga jana yake. Shuka halikufika kwenye migomba ya nyuma, na vivuli vyake vikali vingetuumbua, kwa hiyo tuligeuza kamera, nyuma ya wahusika ukabaki ukuta ulio kivulini.

Sasa sauti. Mvua juu ya bati hutoa kelele inayofunika masafa yaleyale ya sauti ya mtu, na programu ya uhariri ikiing'oa huondoka na maneno pia, yakabaki kama yanatoka ndani ya pipa. Kwa hiyo maneno ya picha pana tuliyarekodi kama mwongozo tu. Mvua ilipokatika tuliwaingiza baba na binti chumbani penye magodoro na mablanketi, wakasikiliza walivyosema kibarazani na kurudia kila sentensi mara tatu kwa mwendo uleule. Ikifanywa siku hiyohiyo, pumzi na hisia bado ziko pale.

Michirizi nayo ilikuwa ikigonga ndoo ya plastiki chini ya paa. Tuliondoa ndoo, tukalaza gunia kuukuu mahali maji yanapoangukia, na ile kelele ikafa. Mwamvuli juu ya maikrofoni nao hulia kama ngoma, hivyo tunautandikia taulo nene. Mwishoni tulirekodi dakika moja watu wote wakiwa kimya, migomba ikidondosha maji. Dakika hiyo, ikilazwa chini ya mazungumzo yote, ndiyo iliyounganisha siku mbili.

Kuhusu vifaa, wengi huogopa matone, lakini sisi tunaogopa zaidi ukungu wa lenzi. Kamera iliyopoa kwenye gari usiku ikiingizwa jikoni penye chai inayochemka, lenzi hujaa jasho papo hapo. Zamani tulipangusa kioo cha mbele tukaendelea, kumbe ukungu ulikuwa pia ndani. Picha hafifu tukaziona kwenye uhariri, na tulilazimika kurudia kazi. Siku hizi kamera huingia ndani ikiwa imefungwa kwenye mfuko wa plastiki, tunasubiri kama nusu saa ilingane na joto la chumba, ndipo tunafungua. Kamera ikilowa, tunaizima, tunatoa betri na kuiacha ikauke. Hatuiwashi kujaribu. Hatuifukii kwenye mchele pia, kwa sababu vumbi lake huingia ndani.

Jenereta hukaa nyuma ya nyumba, mbali na maikrofoni, juu yake pamefunikwa lakini pembeni wazi ipate hewa. Maungio ya nyaya za umeme huinuliwa juu ya matofali na kufunikwa.

Ndiyo maana bei yetu ya masika ina nusu siku ya akiba, na tunaomba kila mhusika aje na nguo mbili zinazofanana. Kabla ya kupanga tarehe, simama mahali unapotaka tushuti mvua ikinyesha, rekodi dakika moja kwa simu bila kusema neno, ututumie.