Mteja wako amefilisika: deni lako liko wapi kwenye foleni?

Bwana mmoja anayesambaza unga alifika ofisini kwetu Mombasa na cheki tatu za tarehe za mbele. Kampuni ya mikate aliyokuwa akiiuzia ilikuwa imeshakabidhiwa mfilisi, naye aliamini cheki zile ni dhamana yake. Alikuwa pia amepanga kutuma lori usiku likachukue magunia yake yaliyobaki stoo. Tulimsihi asilitume.

Magunia yale aliyauza kwa mkopo, yakapokelewa na kutiwa sahihi. Tangu siku hiyo yalikuwa mali ya kampuni, na sasa yako mikononi mwa mfilisi, ambaye kazi yake ni kukusanya mali yote, kuiuza na kugawa fedha kwa utaratibu wa sheria. Cheki nayo ni ahadi ya kulipa tu. Dhamana ni haki juu ya mali inayojulikana, kama kiwanja, gari au mashine, ambayo mdai anaweza kuiuza ajilipe. Asiye na haki ya namna hiyo ana deni lisilo na dhamana, hata awe na cheki kumi.

Tuone foleni inavyokwenda chini ya Sheria ya Ufilisi ya Kenya ya mwaka 2015, kwa hesabu ya kiwanda cha mikate cha kubuni.

Benki inadai shilingi milioni 7 na imeshika hati ya kiwanja. Kiwanja kinauzwa milioni 6, na fedha hizo zinakwenda benki. Wadai wengine hawazigusi. Ile milioni 1 iliyopungua haifutiki, ila haina tena mali ya kuiegemea, kwa hiyo kwa kiasi hicho benki inasimama pamoja na muuza unga.

Magari, oveni na madeni ya wateja, ambavyo havikuwekwa dhamana popote, vinaleta milioni 3. Hapo kwanza zinatoka gharama za ufilisi wenyewe, pamoja na malipo ya mfilisi: tuseme 700,000. Wanaofuata ni wafanyakazi, kwa mishahara ya miezi minne kabla ya ufilisi kuanza, lakini kila mmoja ana kikomo cha shilingi 200,000. Msimamizi wa oveni anayedai 260,000 anapata 200,000 kwenye ngazi hii, na 60,000 zake zinashuka chini. Wafanyakazi wote kwa jumla wanachukua 900,000. Kisha inakuja kodi, hasa ile iliyokatwa kwenye mishahara bila kupelekwa KRA: 400,000.

Imebaki milioni 1. Wanaoisubiri ni muuza unga anayedai milioni 2, muuza karatasi za kufungia 900,000, benki kwa ile milioni yake, msimamizi wa oveni kwa 60,000, na wadogo wadogo 1,040,000. Jumla yao ni milioni 5. Hapa hakuna wa kwanza wala wa mwisho: kila mmoja anapata senti 20 kwa kila shilingi anayodai. Muuza unga anaondoka na 400,000. Wenye hisa hawapati kitu.

Hali huwa mbaya zaidi benki ikiwa na dhamana inayoelea, yaani ile inayofunika bidhaa zinazoingia na kutoka pamoja na madeni ya wateja. Hiyo inalipwa baada ya wafanyakazi na kodi lakini kabla ya wasambazaji, isipokuwa fungu ambalo sheria inawatengea wasio na dhamana. Kwa hiyo, kabla ya kumwongezea mteja mkopo, tafuta kwenye rejista ya dhamana za mali zinazohamishika, iliyoanzishwa kwa sheria ya mwaka 2017, uone kama bidhaa zake zimeshafungwa.

Rejista hiyo hiyo inaweza kukulinda wewe. Kifungu cha mkataba kinachosema bidhaa ni zako hadi zilipwe kina nguvu zaidi kikiwa kimesajiliwa, na magunia yakiwa bado yanatambulika. Unga uliokwisha kuwa mkate haurudi. Kwa mzigo wa aina hiyo tunapendelea dhamana juu ya mashine au gari la mteja, isajiliwe kabla lori la kwanza halijatoka.

Kama mteja wako ameshafilisika, wasilisha madai kwa mfilisi kabla ya tarehe aliyotangaza. Ambatisha ankara na hati za kupokelea mzigo zenye mhuri na sahihi. Bwana wa unga alikuwa na ankara 14, lakini hati za kupokelea zilikuwa 11 tu. Zile tatu tulizipata kwa dereva wake, zimekunjwa kwenye dashibodi ya lori.