Kwa nini uso uliohamishwa unakataa kukaa kwenye kichwa

Ombi tunalolipokea mara nyingi ni hili: picha ya pamoja imetoka vizuri, kila mtu anacheka, isipokuwa mmoja aliyefumba macho. Ipo picha nyingine ya siku hiyo hiyo ambamo yeye yuko sawa, basi mteja anataka uso wa picha ile uhamishiwe kwenye hii. Wengi huwa wameshajaribu wenyewe, na wanapotuletea kazi wanasema: "Malizieni tu kulainisha kingo."

Tukiifungua, kingo kwa kawaida hazina neno. Ngozi imeungana, rangi zimekaribiana, lakini mtu mwenyewe si yeye. Nyusi zina kivuli cha nyusi nyingine juu yake, au pua imeelekea upande mmoja na paji la uso upande mwingine. Kulainisha kingo kunaficha tofauti ya rangi. Kosa la mahali hakulifichi, na mara nyingi hulikuza, kwa sababu pale nyuso mbili zinapochanganywa nusu kwa nusu kila kitu ambacho hakikulingana huonekana mara mbili. Kwa hiyo kazi kubwa hufanyika kabla ya kuchanganya chochote, na kazi hiyo ni kulinganisha alama za uso.

Alama za uso ni nukta ambazo programu huziweka kwenye sehemu zinazojulikana: pembe za macho, mgongo wa pua, midomo, nyusi, mstari wa taya. Mpangilio unaotumika sana una nukta 68, na dlib, maktaba ya programu za kompyuta, inao tayari. Ukishakuwa na nukta hizo kwenye picha zote mbili, swali linakuwa la jiometri: uso wa chanzo uzungushwe kiasi gani, upunguzwe au ukuzwe mara ngapi, na usogezwe wapi, ili nukta zake ziangukie juu ya nukta za kichwa kinachoupokea?

Tuchukue mfano. Kwenye picha ya pamoja, dada mmoja amemwinamia jirani yake. Kitovu cha jicho lililo kushoto mwa picha kiko kwenye pikseli (612, 340), na cha jicho la kulia kiko kwenye (672, 365). Toka jicho moja hadi jingine tunakwenda pikseli 60 kulia na 25 chini, maana kwenye picha hesabu ya wima huanzia juu. Umbali kati ya macho ni pikseli 65, na mstari wa macho umeinama digrii 22.6. Kwenye picha ya chanzo, iliyopigwa kwa karibu zaidi, kichwa kimenyooka: macho yako (300, 400) na (430, 400), umbali wa pikseli 130, bila mwinamo wowote.

Basi uso wa chanzo upunguzwe kwa nusu, uzungushwe digrii 22.6 kufuata mshale wa saa, kisha katikati ya macho, yaani (365, 400), ipelekwe kwenye (642, 352.5). Hatufanyi hatua hizo moja baada ya nyingine. Kila unapozungusha au kubadili ukubwa, programu hukisia upya rangi ya kila pikseli, na makisio yakirudiwa mara tatu ngozi hupoteza vinyweleo na kuwa kama nta. Hatua zote zinaingia kwenye jedwali moja, na picha inahesabiwa mara moja tu. Kwa mfano wetu jedwali ni hili:

```
0.4615  -0.1923  550.46
0.1923   0.4615   97.69
```

Ukiipitisha hapo nukta (300, 400) unapata (612, 340), kama tulivyotaka. Lakini hilo halithibitishi kitu, kwa kuwa jedwali limetengenezwa kwa macho hayo hayo. Uthibitisho uko kwenye nukta ambayo haikutumika. Ncha ya pua kwenye chanzo iko (365, 480). Jedwali linaipeleka karibu na (627, 389). Programu, ikiisoma ncha ya pua kwenye picha ya pamoja, inaiona kwenye (627, 391). Tofauti ya pikseli mbili, kwa uso ambao macho yake yameachana kwa 65, ni ndogo, na kazi inaweza kuendelea. Ingekuwa pikseli nane au kumi tungesimama hapo na kutafuta picha nyingine ya chanzo.

Macho mawili peke yake, hata hivyo, ni msingi mwembamba. Nukta ya jicho ikikosewa kidogo, pembe yote inageuka, na kadiri unavyoshuka kuelekea kidevuni ndivyo kosa linavyokua. Ndiyo maana tunatumia nukta nyingi zaidi na kuiachia hesabu itafute mzunguko na ukubwa unaofanya umbali uliobaki kati ya nukta za chanzo na za mpokeaji uwe mdogo iwezekanavyo.

Nyingi, lakini si zote 68. Hapa ndipo majaribio mengi ya nyumbani yanapoharibikia. Mtu anayecheka ameshusha taya, na pembe za mdomo zimepanda na kutanuka. Ukimlinganisha na yeye mwenyewe akiwa amefunga mdomo, huku ukizipa nukta za mdomo na taya haki sawa na nyingine, hesabu itaona uso "mrefu" na kuupunguza wote, macho yakiwemo. Kope nazo haziaminiki, hasa kwa kazi hii ambayo chanzo chake kimefumbua macho na mpokeaji amefumba. Tunabaki na vitu vinavyokaa karibu na mfupa: pembe nne za macho, nukta nne za mgongo wa pua, na tano za chini ya pua. Kwa wanaopenda kujaribu wenyewe, kwenye mpangilio wa nukta 68 unaoanza kuhesabu na sifuri, hizo ni 36, 39, 42, 45, kisha 27 hadi 35. Katika OpenCV, maktaba ya programu za kuchakata picha, hesabu yote ni mistari miwili:

```python
M, _ = cv2.estimateAffinePartial2D(chanzo, lengwa, method=cv2.LMEDS)
uso = cv2.warpAffine(picha, M, (upana, kimo))
```

Neno `Partial` lina kazi yake. Linairuhusu hesabu kuzungusha, kubadili ukubwa sawasawa na kusogeza, basi. Ndugu yake asiye na neno hilo, `estimateAffine2D`, anaruhusiwa pia kuuvuta uso upande mmoja kuliko mwingine na kuulaza pembeni. Nukta zitalingana vizuri zaidi, na ndicho kishawishi chenyewe, ila sura itabadilika: pua inapanuka, taya inapinda, na mama mtu akiangalia picha anauliza huyu ni nani. Sisi tunakubali kosa dogo kwenye nukta ili mtu abaki na sura yake.

Kuna jambo moja ambalo mzunguko na ukubwa haviwezi kulitibu, nalo ndilo hutufanya tukatae baadhi ya picha. Kuinamisha kichwa begani ni mzunguko ndani ya picha, hilo linarekebishika. Kugeuza uso kumtazama jirani ni mzunguko wa kitu chenye unene, na picha haina unene. Rudi kwa yule dada, tuseme picha pekee ya chanzo iliyopo inamwonyesha amegeuka digrii 30. Macho yake sasa hayaonekani kuachana kwa pikseli 130 bali kama 113. Hesabu ya macho haijui kwamba amegeuka. Inagawanya 65 kwa 113, inapata 0.575 badala ya 0.5, na uso mzima unatoka mkubwa kwa asilimia 15. Umbali wa toka macho hadi kidevu, uliokuwa pikseli 230 kwenye chanzo, ulipaswa kuwa 115, unatoka 132. Kidevu kimeshuka pikseli 17 chini ya kidevu halisi, na mtu anapata mistari miwili ya taya. Kuongeza nukta za pua kunapunguza kosa hilo kwa kuligawa kila mahali, lakini hakuliondoi.

Dalili unaweza kuitambua kwa macho bila programu yoyote. Funika nusu ya juu ya uso kwa kidole, kisha nusu ya chini. Kama kila nusu inaonekana sawa ikiwa peke yake lakini zikiwa pamoja hazikubaliani, ukubwa au mwelekeo umekosewa. Kama nyusi au taya zimekuwa mbili, kingo zimelainishwa juu ya kosa hilo.

Mzunguko nao una gharama ambayo watu hawaitarajii: unazungusha mwanga pamoja na uso. Kivuli cha pua kilichokuwa kinaanguka wima kitaanguka kwa mshazari baada ya kuuzungusha uso digrii 22, wakati watu wengine wote kwenye picha wana vivuli vya wima. Chini ya mwanga laini, wa mawingu au kivulini, hakuna atakayegundua. Chini ya jua la utosini, kosa hilo linaonekana hata na asiyejua kulitaja, na inabidi tuvipake upya vivuli kwa mkono. Kazi hiyo ni ya taratibu, na kuna nyakati tunamshauri mteja aiache.

Nukta zikishakaa, kuchanganya kunakuwa kwepesi. Tunachora mpaka wa eneo linalohamishwa, na kwa kazi ya macho yaliyofumbwa tunauweka mdogo kadiri inavyowezekana: kuanzia juu kidogo ya nyusi hadi katikati ya mashavu, bila kugusa nywele wala fremu ya miwani. Tukitumia `seamlessClone`, amri ya OpenCV inayovuta rangi ya eneo zima kutokana na rangi za mpakani, mpaka ukipita juu ya nywele nyeusi weusi huo unavujia shavuni. Doa la kijivu unaloliona karibu na sikio kwenye kazi nyingi linatoka hapo.

Kwa hiyo ukituletea kazi ya namna hii, usituchagulie picha ambayo mtu katoka mrembo kuliko zote. Tupe ile ambayo pua yake inaelekea upande ule ule, na mwanga unatoka upande ule ule, hata kama kichwa kimeinama vingine au uso ni mkubwa zaidi, kwa sababu hayo mawili ndiyo tunayoweza kuyarekebisha. Uso wa chanzo ukiwa mkubwa kuliko unaohitajika ni heri. Ukiwa mdogo itabidi tuukuze, na utakuwa na ukungu kati ya nyuso zilizo kali. Epuka picha ya kujipiga kwa mkono, kwa kuwa kamera ikiwa karibu sana pua huvimba na masikio hurudi nyuma, na jedwali letu halina namna ya kuirudisha. Tuma faili halisi kutoka kwenye kamera au simu, si picha ya skrini. Na kama uso ni wa mtu mwingine, tutaomba kwanza ridhaa yake.