Barua ya Wazi kwa Afisa wa Uhamiaji wa Kanada: Binti Yangu Hakuzaliwa Januari Mosi

Winnipeg, Oktoba 2025

Mheshimiwa Afisa,

Shikamoo. Mimi ni mkimbizi kutoka Fizi, Kivu Kusini, niliyepokelewa Kanada na kufika hapa Winnipeg Juni 2024. Namba ya faili na majina yetu yamo katika nakala niliyoileta ofisini. Hapa siyaandiki kwa ajili ya usalama wa watoto.

Naomba mke wangu na watoto wetu wawili, walioko kambini Burundi, waruhusiwe kuungana nami. Tulipotezana usiku mmoja mwaka 2012, kijiji kiliposhambuliwa. Mimi nilivuka Ziwa Tanganyika kwa mtumbwi hadi Kigoma, wao wakakimbilia upande wa Burundi. Kwa miaka 12 sikujua kama wako hai, mpaka Desemba 2024, Msalaba Mwekundu waliponiletea ujumbe wenye mwandiko wa mke wangu.

Najua kanuni zinataka mkimbizi awe amewataja watu wake wote kabla ya kuondoka kuja Kanada, hata asiojua walipo, na awaombee ndani ya mwaka mmoja tangu afike. Yote mawili niliyatimiza. Niliwataja watatu wote Mei 2022 katika fomu ya ombi langu la kwanza la kuja Kanada, IMM 0008, nikaeleza kuwa hawajulikani walipo. Ombi lao nililiwasilisha Machi 2025, mwezi wa tisa tangu nifike.

Kuhusu mke wangu na kijana wetu wa mwisho sina la kuongeza. Barua hii ni kwa ajili ya binti yangu mkubwa.

Kadi yake ya ukimbizi inasema alizaliwa tarehe 1 Januari 2000. Kweli ni kwamba alizaliwa tarehe 14 Agosti 2003. Umri wa mtoto katika maombi kama yetu hupimwa siku ombi la kwanza la mzazi lilipopokelewa, na mtoto awe hajafikisha miaka 22. Kwa tarehe ya kwenye kadi, Mei 2022 alikuwa tayari na miaka 22, kwa hiyo anabaki. Kwa tarehe ya kweli alikuwa na miaka 18, na anastahili kuja pamoja na mama yake.

Kosa lilitokea hivi. Walipofika kambini mama yao alikuwa amelala na homa kali, akashindwa kusimama foleni. Jirani ndiye aliyewapeleka watoto kuandikishwa. Alipoulizwa umri wa binti, akamtazama urefu, akajibu, "Yapata miaka 12." Alikuwa na miaka 9 tu, amerithi urefu wa mama yangu. Karani akahesabu mwaka, na kwa kuwa siku haikujulikana, akaandika Januari Mosi. Waulize wakimbizi wengi, Mheshimiwa, utakuta tumezaliwa siku moja hiyo hiyo. Simlaumu jirani wala karani. Siku ile watoto walihitaji chakula na turubai, na vyote vilitegemea kadi.

Ushahidi ninao wa aina mbili. Wa kwanza ni kadi ya ubatizo ya Desemba 2003, yenye muhuri wa parokia. Mke wangu aliishona ndani ya pindo la kitenge, ndiyo maana imekunjika mara nne na pembe moja imeliwa na maji, lakini tarehe inasomeka. Mtoto aliyebatizwa akiwa na miezi 4 ameandikwa humo kuwa ni mchanga.

Wa pili ni fomu yangu mwenyewe ya Mei 2022, ambayo iko mikononi mwenu. Humo niliandika 14 Agosti 2003. Wakati ule sikujua kama binti yangu anapumua, wala sikuwa nimeiona kadi ya Burundi. Nakusihi uipime tarehe hiyo kwa jicho hilo: iliandikwa na baba asiyekuwa na sababu ya kumpunguzia binti yake umri.

Tuko tayari kupima vinasaba. Lakini naelewa kuwa kipimo hicho kitaonyesha tu kuwa ni mwanangu. Mwaka wa kuzaliwa hakitauonyesha. Kwa hiyo ninaomba mambo mawili: kadi ya ubatizo ikaguliwe yenyewe, siyo nakala ya simu, na mama na binti waitwe kwenye mahojiano wakiwa na mkalimani wa Kibembe, maana Kiswahili cha mke wangu ni cha sokoni na tarehe humchanganya.

Mama yao ameniambia kwamba binti akikataliwa, yeye hatapanda ndege. Hawezi kumwacha msichana peke yake kambini, nami sikuweza kumwambia amwache. Kwa hiyo uamuzi juu ya mmoja ni uamuzi juu ya wote watatu.

Kadi ya ubatizo bado iko kwa mke wangu. Ataileta siku yoyote mtakayomwita.

Wako mtiifu,
Mwombaji, baba wa watoto wawili